Baada ya Video Nzito: Namna ya Kutua Mzigo, Kupokezana na Kuomba Mapumziko Katika Foleni ya Ukaguzi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakaguzi wa maudhui, yaani wale wanaokaa mbele ya kompyuta na kupokea, moja baada ya nyingine, picha, video na sauti zilizoripotiwa na watumiaji wa mitandao, ili waamue kipi kibaki, kipi kiondolewe na kipi kipelekwe ngazi ya juu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na sasa ninasimamia zamu ya watu sita hapa Dodoma. Nitaeleza hatua kwa kufuata siku moja ya mwenzetu, ambaye amekubali niisimulie bila kumtaja jina, kwa kuwa siku ile ilitufundisha mahali ambapo utaratibu wetu wa awali ulikuwa umetoboka.

Zamu yetu huanza saa mbili asubuhi. Saa nne na dakika ishirini, dada huyu alifunguliwa na mfumo video ya dakika mbili ya ajali ya basi. Picha zilikuwa mbaya, lakini kilichomshika ni sauti: mtoto alikuwa akimwita mama yake, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kama mtoto yeyote wa jirani pale Chang'ombe. Aliweka lebo sahihi ndani ya muda uliotakiwa. Sekunde mbili baadaye foleni ikamletea tangazo la mafuta ya kung'arisha ngozi, akaliamua, ikaja nyingine, akaendelea. Alifanya kazi dakika arobaini zaidi bila kusema neno. Nilipopitia kazi zake baadaye niliona kwamba kabla ya video ile alitumia takriban dakika moja kwa kila kipande, na baada yake alitumia chini ya sekunde ishirini, na karibu vyote alikuwa ameviwekea lebo ya kubaki. Viwili kati ya hivyo vilipaswa kuondolewa. Hakuwa mzembe. Alikuwa anaangalia kioo bila kuona kilichomo, kwa sababu akili yake ilikuwa bado ndani ya lile basi.

Hatua ya kwanza: simamisha foleni kabla kipande kinachofuata hakijafunguka

Foleni imetengenezwa ili isikatike, na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Mwili wa mtu aliyeona jambo la kutisha huenda mbio: moyo hupiga haraka, misuli hukaza, pumzi hupanda kifuani. Hali hiyo hushuka yenyewe ikipewa dakika chache, lakini mtu akiletewa kipande kingine papo hapo hujifunza kuizima badala ya kuiacha ishuke, na mtu aliyezoea kuizima asubuhi huikuta usiku akiwa kitandani. Kwa hiyo amri ya kwanza ni ya mkono: kabla hujathibitisha lebo ya kipande kizito, badilisha hali yako kwenye ukurasa wa kazi iwe ya mapumziko, kisha ndipo uthibitishe. Ukithibitisha kwanza, mifumo mingi itakuwa imekwisha kukufungulia kinachofuata. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mpangilio wa vitendo hivi viwili ndio unaoamua kama utapata dakika kumi au hutazipata.

Katika dakika hizo kumi, vua hedifoni na usimame. Toka nje ya chumba ikiwezekana, uangalie kitu kilicho mbali. Sisi huwa tunatazama vilima na miti iliyo ng'ambo ya barabara, kwa sababu macho yaliyokazwa kwenye kioo huhitaji umbali. Vuta pumzi kwa kawaida, lakini uitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara sita au saba. Nawa mikono na uso kwa maji ya baridi. Usifungue simu kutafuta habari za tukio lile ili ujue kama yule mtoto alipona. Kila mmoja wetu amewahi kujaribiwa kufanya hivyo, na kila aliyefanya alirudi na picha nyingine tano kichwani.

Kama kilichobaki kichwani ni picha zaidi kuliko maneno, tumia dakika zilizosalia kwa mchezo unaoshughulisha macho na mikono. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, kisha nusu saa baadaye baadhi yao wakacheza Tetris kwa dakika kumi. Waliocheza walirudiwa na picha za filamu ile mara chache zaidi katika juma lililofuata. Maelezo yao ni kwamba sehemu ya akili inayopanga maumbo ina nafasi ndogo, hivyo ikishughulishwa mapema, picha ile hukosa nafasi ya kujichimbia. Jaribio hilo lilihusu filamu moja iliyotazamwa mara moja, halikuhusu mtu anayetazama vitu vya aina hiyo kila siku, kwa hiyo mchezo hauwezi kuchukua nafasi ya hatua zinazofuata. Sisi tuna simu yenye mchezo huo mezani, na bao kwa wasiopenda simu.

Kuna kinga inayotangulia hatua hii, nayo ni mipangilio ya kuonyesha. Tazama kwanza picha ndogo, si kamili. Weka rangi nyeusi na nyeupe. Weka ukungu na uuondoe pale tu uamuzi unapodai. Na zaidi ya yote, anza bila sauti. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wanaowaza juu ya damu. Kwa mkaguzi anayesikiliza lugha yake ya kuzaliwa, sauti ndiyo inayopenya, kwa sababu huwezi kujizuia kuelewa maneno ya lugha yako. Katika video ile ya basi, picha peke yake zilitosha kutoa uamuzi. Sauti haikuhitajika kabisa, na ilikuwa imewashwa kwa mazoea tu.

Hatua ya pili: tua mzigo, lakini usimulie kilichokupata wewe, si ulichokiona

Watu wengi hudhani kikao cha kutua mzigo maana yake ni kumkalisha mtu na kumtaka asimulie tukio tangu mwanzo hadi mwisho, ili "atoe yaliyomo". Njia hiyo ilitumika kwa miaka mingi kwa wazimamoto na manusura wa maafa. Tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa zilionyesha kwamba kikao kimoja cha lazima cha aina hiyo hakizuii ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, na kwa baadhi ya watu kilionekana kuongeza madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike kama utaratibu wa kawaida. Katika chumba cha ukaguzi kuna sababu ya ziada: anayekusikiliza naye ana foleni yake, na ukimsimulia kwa undani unamwongezea video ambayo hakupangiwa.

Kwa hiyo sisi hufanya hivi. Ndani ya saa mbili baada ya kipande kizito, mkaguzi huzungumza na mtu mmoja kwa dakika kumi hadi kumi na tano, akiwa ndiye aliyechagua kuzungumza, na akiwa huru kukataa. Kabla ya kuanza huomba ruhusa: "Kaka, nimepata kitu kizito, una nafasi ya kunisikiliza sasa?" Anayeulizwa anaweza kujibu kwamba hana, na hilo si kosa, humpeleka kwa mwingine. Kisha mazungumzo hufuata maswali manne tu. Ilikuwa ni aina gani ya kazi, kwa neno moja? Mwili wako ukoje sasa hivi? Ni kitu gani kimoja kinachorudi kichwani? Unahitaji nini kwa saa mbili zijazo? Swali la tatu hujibiwa kwa sentensi moja. Dada yetu alisema, "Ajali. Mikono ni baridi na nina kichefuchefu. Sauti ya mtoto inarudi. Sitaki kuvaa hedifoni leo." Ilichukua chini ya dakika moja, na ilitosha kumpangia siku yake yote.

Msikilizaji hatakiwi kuwa mtaalamu. Anatakiwa asilinganishe ("mimi juzi niliona kibaya zaidi"), asitoe mahubiri, na asiulize maelezo ya picha. Akiona mwenzake anatetemeka, hawezi kuunganisha maneno, au anaongea kama mtu asiyejua yuko wapi, anamwambia msimamizi papo hapo, wala hasubiri mwisho wa zamu.

Nyumbani kuna ugumu wake. Mkataba wa usiri unakuzuia kusimulia kazi, na hata kama usingekuzuia, si haki kumtwika mama au mwenzi wako picha zile. Lakini kunyamaza kabisa huwafanya wadhani wamekukosea. Sentensi moja inatosha, na nimeona ikiokoa nyumba: "Leo nimekutana na jambo zito kazini, sitalisimulia, si kosa lenu, naomba nikae kimya hadi baada ya chakula." Vilevile, usinakili wala usipige picha ya kioo ili umwonyeshe mtu yeyote, hata msimamizi, kipande chenye unyanyasaji wa mtoto hupelekwa ngazi ya juu ndani ya mfumo tu, na kukisambaza ni kosa la jinai.

Hatua ya tatu: pokezaneni aina ya kazi, si viti tu

Mzunguko mbaya ni rahisi kuutambua: mtu anatolewa kwenye foleni ya video za ukatili na kupelekwa kwenye foleni ya maandishi ya vitisho, kisha inaandikwa kwamba amepumzishwa. Amebadilishiwa umbo la mzigo, ila mzigo ni uleule. Mzunguko unaosaidia humtoa mtu kwenye kazi nzito na kumpeleka kwenye kazi ambayo haina mtu anayeumizwa ndani yake, kama vile matangazo ya ulaghai, akaunti bandia, au haki za muziki.

Kwetu foleni nzito haizidi saa nne kwa siku kwa mtu mmoja, nazo hukatwa vipindi vya dakika hamsini na mapumziko ya dakika kumi, na hakuna anayemalizia siku kwenye foleni nzito. Nusu saa ya mwisho, kuanzia saa kumi na nusu, kila mmoja yuko kwenye kazi nyepesi au anaandika kumbukumbu. Tuliweka sharti hilo baada ya kugundua kwamba waliotoka moja kwa moja kwenye video kuelekea kituo cha daladala ndio waliokuwa wakilalamika zaidi kukosa usingizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika sitini. Hayo ni ya kula na kupumzisha mwili, na msimamizi asiyahesabu kuwa ndiyo mapumziko ya kutua mzigo.

Mzunguko huharibikia mahali pawili. Pa kwanza ni kwa mtu anayeonekana mgumu. Kila timu ina mmoja ambaye hatikisiki, hafanyi makosa, na kwa sababu hiyo msimamizi, bila hila yoyote, humsukumia vipande vibaya zaidi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Sikutikisika kwa miezi kumi na moja, kisha siku moja nikashindwa kupanda bajaji kwa sababu dereva alikuwa amevaa koti linalofanana na la mtu niliyemwona kwenye video. Dawa yake ni hesabu: andika kila siku ni vipande vizito vingapi kila mmoja amepokea, na ugawanye kwa idadi hiyo, si kwa uhodari.

Pa pili ni lugha. Katika timu yetu mtu mmoja tu anaelewa Kigogo, hivyo kila kipande chenye Kigogo kilikuwa chake, kizito au chepesi, hata siku ambazo ratiba ilisema amepumzika. Huwezi kumpokezana mtu ambaye hana wa kumpokea. Tulichofanya ni kugawa kipande chenyewe. Mwingine hutazama picha bila sauti, na kama picha zinatosha kutoa uamuzi, kipande kinaishia hapo. Kama maneno yanahitajika, mwenzetu husikiliza bila picha, na ni zile sekunde zinazotiliwa shaka tu, kisha huandika maana yake. Vipande vyake vizito vilipungua sana, na hakuna uamuzi ulioharibika.

Hatua ya nne: jua mapema ni lini utaomba kupumzika

Aliyelemewa ndiye hakimu dhaifu kuliko wote wa hali yake. Dada yetu, nilipomfuata saa tano asubuhi, alinijibu "niko sawa" mara mbili, na aliamini anachosema. Ndiyo maana tunakubaliana dalili siku ambayo mtu ana utulivu, zikaandikwa, ili siku ya shida asiombwe kujipima upya bali atazame tu kama dalili imetokea.

Dalili za kuomba dakika kumi na tano ni hizi: umetazama kipande kilekile mara ya tatu bila kuamua, muda wako kwa kipande umepungua au kuongezeka ghafla, unasikia ganzi au hasira isiyo na sababu, umecheka kitu ambacho jana kingekuumiza. Hapo huhitaji kutoa maelezo. Unabadilisha hali yako kwenye ukurasa wa kazi na kuondoka.

Dalili za kuomba kutolewa kwenye foleni nzito kwa siku mbili au tatu ni nzito zaidi: picha au sauti inakujia nje ya kazi bila kuitafuta, umekosa usingizi usiku mbili mfululizo, unakwepa mahali au watu wanaofanana na ulichokiona, au unakunywa pombe ili ulale. Wengi hushindwa kuomba kwa kuwa hawajui waandike nini, kwa hiyo ninaweka hapa maneno yenyewe:

"Habari za kazi, kiongozi. Tangu jana nimekuwa na dalili mbili kati ya tulizokubaliana: sauti inanirudia na sijalala vizuri. Naomba nitolewe kwenye foleni ya ukatili hadi Alhamisi. Naweza kufanya foleni ya ulaghai bila sauti. Naomba pia tuzungumze Alhamisi asubuhi kabla sijarudishwa."

Ujumbe huo hautaji maudhui, unataja dalili, unaomba muda wenye mwisho, na unaonyesha kazi ambayo mtu bado anaiweza. Msimamizi anayeupokea hujibu siku hiyohiyo, na haombi uthibitisho. Kwa anayelipwa kwa kipande, mapumziko hukata kipato, na huo ndio ukweli unaowafanya wengi waendelee wakiwa wagonjwa. Ushauri wangu kwao ni kudai, kabla ya kusaini mkataba, kwamba muda wa kutua mzigo baada ya kipande kizito ulipwe kwa wastani wa saa, na kama hilo limekataliwa, kuuliza ni foleni zipi nyepesi watakazoweza kuhamia bila kupoteza nafasi.

Ngazi ya tatu si ya msimamizi tena, ni ya hospitali. Picha zinazojirudia, ndoto mbaya, kushtuka na kukwepa zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, mtu aonwe na daktari wa afya ya akili. Akipata mawazo ya kujidhuru au kufa, aonwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Najua jina la Mirembe hutumika mitaani kama tusi, na najua mkaguzi mmoja aliyezunguka miezi minne kwa sababu ya aibu hiyo. Mwambie daktari waziwazi kwamba unayoyaona ni sehemu ya kazi yako, kwa sababu mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, huhesabu tukio lililoonekana kupitia kioo kuwa chanzo cha kiwewe pale tu linapohusiana na kazi. Usipolisema, anaweza kudhani ulikuwa unatazama mitandao kwa hiari. Ukiandikiwa mapumziko ya ugonjwa, sheria ileile ya 2004 inampa mwajiriwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Dada yetu hakufika huko. Siku ile alihamishiwa foleni ya akaunti bandia, bila hedifoni, na vipande alivyoviamua katika zile dakika arobaini vilikaguliwa upya na mtu mwingine bila kuhesabiwa kuwa makosa yake. Usiku wa kwanza sauti ilimrudia mara tatu, wa pili mara moja. Siku ya nne asubuhi tulizungumza kwa dakika kumi, akarudi kwenye foleni nzito kwa kipindi kimoja cha dakika hamsini, sauti ikiwa imezimwa, nami nikiwa kiti cha pili kutoka kwake. Muda wake kwa kipande ulikuwa umerudi kwenye dakika moja. Siku ya tano alifanya vipindi viwili vya dakika hamsini, na Jumatatu iliyofuata akawashiwa sauti kwa ombi lake mwenyewe.